Desemba Uchagani: floti imejaa, keshi hamna

Kila mwaka Desemba ikishapita tarehe 20, ukipanda Marangu, Mwika, Rombo au Machame utamkuta wakala wa pesa za simu amekaa kibandani kwake, simu nne zimepangwa mezani, na jibu lake kwa kila anayekuja ni lilelile, keshi hamna. Watu waliotoka Dar na Arusha kuja kula Krismasi nyumbani wanakasirika, wanasema hawa mawakala wa huku juu hawana mtaji, wanabahatisha tu. Hapo mimi nabisha. Huyo wakala saa hiyo anaweza kuwa na milioni tatu zake kamili, hajapoteza hata mia, ila karibu zote ziko kwenye simu na mteja anataka noti mkononi. Shida yake inatokana na hela kwenda upande mmoja tu wiki nzima, na hiyo ukiitibu kwa kuongeza mtaji peke yake unaahirisha tu kwa masaa machache.

Nieleze kidogo kwa ambao hawajawahi kukaa upande ule wa dirisha. Floti ni salio lililo kwenye laini ya uwakala, na ni hela ya wakala mwenyewe, ameinunua kwa keshi yake, kampuni haimrushii bure. Tangu ije ile Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 na kanuni zake za fedha za kielektroniki, kila shilingi inayoonekana kwenye simu lazima iwe na shilingi mwenzake imekaa benki kwenye akaunti ya udhamini, kwa hiyo hata ukipiga simu huduma kwa wateja ukalia floti imeisha hakuna mtu wa kukutengenezea floti hewani. Mteja akiweka laki, keshi ya wakala inapanda laki na floti inashuka laki. Mteja akitoa laki, floti inapanda na keshi inashuka. Jumla ya vitu viwili haibadiliki asubuhi mpaka jioni, kinachoongezeka ni kamisheni tu ambayo inahesabiwa kivyake.

Sasa kuna jambo moja ambalo naona watu wengi wanaoanza uwakala hawalitilii maanani. Keshi iliyo kwenye droo inahudumia laini zote, akija wa M-Pesa, wa Airtel Money, wa Mixx by Yas ile tuliyozoea kuiita Tigo Pesa, wa HaloPesa, wote unawatolea kutoka droo hiyohiyo. Lakini floti ya M-Pesa inahudumia M-Pesa tu, ya Airtel inahudumia Airtel tu. Halafu floti inasafiri kwa sekunde, ukiwa na hela benki unaisukuma kwenda kwenye laini ya uwakala umekaa palepale kwenye stuli, wakati keshi inasafiri kwa Noah, na mtu wa kuishika, na barabara, na foleni ya benki. Aliyeishiwa floti pale Mbuyuni Moshi mjini ana dawa karibu, anavuka barabara anaweka keshi kwa wakala wa benki na dakika kumi baadaye anaendelea na kazi. Aliyeishiwa keshi Marangu ana safari ya kwenda na kurudi mjini, kama kilomita 40 kila upande. Ni upungufu wa aina mbili tofauti kabisa ingawa mteja anaona kitu kimoja tu, kwamba hajahudumiwa.

Tuchukue mfano tuufuate mpaka mwisho. Wakala yuko Marangu Mtoni, mtaji milioni 3. Tarehe 22 Desemba asubuhi anafungua na keshi 1,200,000, floti ya M-Pesa 900,000, Airtel 400,000, Mixx 400,000 na HaloPesa 100,000. Ukiangalia hivi unasema amejipanga vizuri, na kwa mwezi wa tano kweli angekuwa amejipanga vizuri. Ila leo wamefika wageni. Anakuja wa kwanza anatoa 150,000 M-Pesa, anafuata wa 80,000 Mixx, halafu mzee mmoja anataka 300,000 M-Pesa za mbuzi, wa 50,000 Airtel, wa 200,000 M-Pesa, wa 120,000 Airtel, wa 250,000 Mixx. Watu saba tu hao, haijafika hata saa nne, na zimetoka 1,150,000. Droo imebaki na elfu hamsini, na hiyo elfu hamsini yenyewe labda ni noti za elfu kumi tupu kwa hiyo hata mtu wa 14,000 anamshinda. Kwenye simu sasa M-Pesa ina 1,550,000, Mixx 730,000, Airtel 570,000 na HaloPesa imebaki na laki yake. Jumlisha na elfu hamsini ya droo unapata milioni 3 ileile. Ana hela yote na hawezi kumhudumia mtu.

Wengi hapo wanakimbilia mkopo. Chukulia amekopa milioni moja akaiingiza droo asubuhi ileile, kwa wastani wa wateja wale ambao ni kama 164,000 kila mmoja, milioni inatosha watu sita. Yaani saa sita mchana yuko palepale alipokuwa saa nne, na riba ataendelea kuilipa mpaka wageni wamesharudi Dar siku nyingi. Na ile mikopo ya floti ambayo siku hizi mawakala wanapewa kwenye simu ndiyo kabisa haimsaidii, maana inaingia kama floti, na floti ndiyo imemjaa mpaka shingoni. Mkopo wa floti una kazi yake, nitarudi huko Januari, ila Desemba Uchagani ni dawa ya ugonjwa mwingine.

Njia ya pili ni kushuka mjini, au kwa wakala mkuu kama yupo Himo na ana keshi, anamrushia floti na kupokea noti. Njia hii inafanya kazi ila piga hesabu yake kabla ya kuipanda hiyo Noah. Kila kampuni ina jedwali lake la kamisheni kwa hiyo chukua tu makadirio kwamba kwa miamala ya saizi ile wakala anapata kama 800 kwa kila mmoja, watu saba ni 5,600. Nauli ya kwenda na kurudi pamoja na boda, sema imekula 8,000. Hapo bado hujahesabu masaa matatu kibanda kimefungwa wakati wateja ndio wako njiani wanapita, na bado hujahesabu kwamba umebeba milioni mfukoni msimu ambao kila mtu anajua mawakala wanabeba hela. Ili safari ilipe lazima ubebe nyingi, milioni mbili badala ya moja, na kila ukiongeza unachobeba unaongeza pia unachoweza kuporwa. Wapo mawakala waliovamiwa kwa sababu tu walikuwa na ratiba, kila siku saa tano wanaonekana wanashuka. Halafu ukifika mjini tarehe 23 benki foleni iko mlangoni, na tarehe 25 na 26 benki hazifunguliwi kabisa, kwa hiyo kama sikukuu imeangukia karibu na Jumapili unaweza kukaa siku tatu mfululizo bila dirisha la kuchukulia noti.

Ndiyo maana nasema jibu kubwa liko umbali wa mita mia mbili kutoka kibandani. Jiulize zile 1,150,000 zimekwenda wapi. Hazijaondoka Marangu. Ya mbuzi imekwenda kwa mwenye mbuzi, nyingine iko bucha, nyingine iko kwa Mangi wa duka la jumla aliyeuza mchele na mafuta na soda, na sehemu kubwa sana jioni hiyo inaishia baa. Saa tatu usiku mwenye baa ana droo imejaa noti ambazo hataki kulala nazo, na asubuhi inabidi alipe mzigo wa bia na wasambazaji wengi siku hizi wanapokea kwa simu au benki. Yaani yeye anatafuta floti usiku na wakala anatafuta keshi asubuhi, wamepakana ukuta, na wote wawili wanapanga safari ya mjini kila mtu kivyake!

Turudi kwenye mfano wetu. Tarehe 22 jioni wakala anamfuata jirani anamwambia, "Kaka, ukifunga hesabu usiku usihangaike kuipeleka mjini, niletee mimi nikuwekee kwenye laini yako." Mwenye baa analeta 900,000, wanahesabu ndani mlango umefungwa, wakala anamwekea M-Pesa. Floti ya M-Pesa inashuka kutoka 1,550,000 mpaka 650,000, keshi inapanda kutoka 50,000 mpaka 950,000, jumla inabaki milioni 3. Hakuna nauli, hakuna kibanda kufungwa, na juu yake wakala amelipwa kamisheni ya kuweka, wakati ile safari ya Himo ingemla. Mwenye baa naye kwa upande wake haweki hela kwa gharama, maana kuweka ni bure kwa mteja. Kesho asubuhi kibanda kinafungua na karibu laki tisa na nusu bila mtu kukanyaga lami.

Ila angalia kilichobaki. Mixx bado ina 730,000 na Airtel 570,000, na mwenye baa hana laini ya Mixx. Hapa ndipo wakala makini anatofautiana na wengine, anajua kila mfanyabiashara wa pale Mtoni anatumia laini gani. Bucha wanatumia Airtel, fundi wa hadiwea yuko Mixx, yule mama wa saluni ana zote mbili. Ukijua hivyo kuanzia mwanzoni mwa Desemba unapanga nani umfuate siku gani kulingana na simu ipi imejaa, badala ya kumlazimisha mwenye baa asajili laini mpya usiku wa Krismasi. Na ukubaliane nao mapema, maana tarehe 24 kila wakala wa njia ile atakuwa ameshashtuka na anamfukuzia mwenye baa yuleyule.

Naomba nisiuze mpango huu kama dawa ya kila kitu, una mipaka. Mpaka wa kwanza ni kikomo cha laini, laini ya kawaida ya mtu ina kiwango cha juu cha salio na cha muamala wa siku, mwenye baa akishafika kikomo huwezi kumwekea tena hata akitaka. Mpaka wa pili ni mpya kidogo na naona unakua kila mwaka, nao ni lipa namba. Mgeni akilipa baa kwa lipa namba ile hela haipiti kabisa kwa wakala, ambayo kwa droo ni nafuu maana hakuna aliyetoa. Lakini mwenye baa naye jioni anakuwa na hela kwenye simu na keshi kidogo, halafu anatakiwa kuwalipa wahudumu, mchoma nyama na mama wa ndizi kwa noti. Basi yule uliyekuwa unamtegemea akuletee keshi anakuja yeye mwenyewe kutoa. Wakala asiyeliona hilo mapema anashangaa mwaka huu mbona baa imejaa watu na hela haiji. Ukiona kibao cha lipa namba kimebandikwa kaunta, mpunguze kwenye hesabu zako na uegemee zaidi bucha na sokoni, kwa sababu muuza mbuzi na muuza ndizi bado wanapokea noti.

Kwa hiyo mgawanyo wa kuingia nao Desemba ukoje? Mimi ningemwambia wakala wa milimani kuanzia tarehe 18 hivi aanze kukausha simu, milioni 3 iingie wiki ya Krismasi ikiwa na keshi kama 2,400,000 na floti laki sita tu zilizogawanywa kwenye laini nne, kwa sababu wanaokuja kuweka wiki hiyo ni wachache na kila anayetoa anakujazia simu mwenyewe. Sehemu ya hiyo keshi iwe noti za elfu mbili na elfu moja. Usiiache yote kibandani, weka ya asubuhi droo na nyingine mahali pengine. Na kaa macho baada ya mwaka mpya, maana mkondo unageuka ghafla sana. Kuanzia tarehe 2 au 3 Januari wageni wanashuka, wenye maduka wanaweka mauzo ya sikukuu ili wakanunue mzigo, wazazi wanatafuta ada shule zikikaribia kufunguliwa, na sasa kila anayekuja anataka kuweka. Wakala aliyezoea kwa siku kumi kwamba keshi ndiyo mali anajikuta droo imejaa na M-Pesa ina elfu ishirini. Huu ndio wakati wa mkopo wa floti, kwa sababu una keshi nzima ya kuulipa, unaukopa asubuhi, unapeleka keshi benki mchana, unalipa jioni, na benki ziko wazi.

Watu wananiuliza utajuaje mkondo umegeuka kabla haujakuumiza. Daftari. Kila asubuhi andika keshi na salio la kila laini, na saa saba mchana andika tena, usisubiri kufunga. Ukiona hiyo saa saba keshi imeshuka chini ya nusu siku mbili mfululizo, siku ya tatu tayari umechelewa kama hujaongea na jirani. Daftari hilohilo ndilo linalokwambia kama kuna hela imepotea, maana keshi na floti zote pamoja lazima zirudi kwenye mtaji. Zikipungua, nenda kwenye kiasi kilichopungua chenyewe, kina habari. Pungufu likiwa sawasawa na muamala mmoja wa kutoa, kwa mfano 120,000, mara nyingi umempa mtu noti kabla floti haijaingia, ameonyesha meseji kwenye simu yake na wewe kwa haraka ya sikukuu hujaangalia salio. Ikiwa pungufu inagawanyika kwa tisa, kama 9,000 au 27,000, kabla hujamshuku mtu angalia kama umegeuza tarakimu, umeandika 45,000 badala ya 54,000. Na wakati wa kubadilishana na jirani au wakala mwenzako weka utaratibu usiobadilika, noti zinahesabiwa kwanza na wote wawili, floti ndiyo inafuata, na anayepokea anafungua menyu aone salio limepanda, kwa sababu meseji ya uongo inaweza kuandikwa na mtu yeyote mwenye simu.

Naomba nimalizie kwa kampuni, kwa sababu mzigo huu wote nilioueleza ameachiwa mtu wa kibandani peke yake. M-Pesa iliingia nchini 2008 na tangu hapo mtandao wa mawakala umefika mpaka vijiji ambavyo havitakuja kuona tawi la benki, ila jedwali la kamisheni linamwona wakala wa Mbuyuni na wakala wa Mwika kama watu wenye gharama sawa. Wa Mbuyuni kupata noti ni kuvuka barabara, wa Mwika ni nusu siku na roho mkononi, na wote wanalipwa sawa kumtolea mtu 150,000. Matokeo yake yanaonekana, wapo wanaosema mtandao unasumbua wakati mtandao uko vizuri na keshi ndiyo imeisha, na wapo wanaomwambia mteja aongeze elfu moja pembeni, jambo ambalo haliruhusiwi na mimi siliungi mkono, ila ile elfu moja ni bei ya nauli ambayo hakuna aliyeiweka kwenye jedwali. Kampuni zina taarifa zote, zinaona kila laini ya uwakala imejaa floti kiasi gani na mnara gani, zinajua tarehe 22 Desemba asubuhi kwamba kibanda fulani cha Rombo hakijatoa muamala wa kutoa tangu saa nne na kina milioni mbili ndani ya simu.

Wangeweza kufanya mambo mawili na hayahitaji teknolojia mpya. La kwanza, kwa wiki mbili za Desemba walipe nyongeza kwa muamala wa kutoa kwenye maeneo yaliyo mbali na benki, kiasi cha kufidia nauli, na waitangaze Novemba ili wakala apange keshi yake akijua italipa. La pili, walipe kamisheni hata ndogo pale wakala mmoja anapomrushia floti mwenzake kwa ajili ya keshi. Muamala huo leo kwa kawaida haumlipi yeyote, ndiyo maana wakala wa Himo mwenye keshi hana sababu ya kumpa wa Marangu badala ya kukaa nayo asubiri wateja wake mwenyewe. Wakianza na barabara moja tu, ya Himo kupanda mpaka Rombo, Krismasi moja inatosha kuona kama muda ambao vibanda vinakaa bila keshi umepungua.